Kukagua kama mti wa binari ni mti wa kutafutia, na kwa nini kulinganisha nodi na watoto wake pekee hakutoshi

Katika rejista ya kikundi cha kuweka na kukopa ambayo niliiandikia programu, mweka hazina aliandika namba 40 ili aone akiba ya mwanachama, na kompyuta ikajibu kwamba hakuna mwanachama mwenye namba hiyo. Mwanachama mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake, kitabu cha akiba mkononi. Nilipochapisha nodi zote za mti uliohifadhi rejista, namba 40 ilikuwamo. Nikaendesha fanksheni niliyokuwa nimeiandika kwa ajili ya kuukagua mti huo, nayo ikanijibu kwamba mti hauna kasoro. Kulikuwa na makosa mawili kwa pamoja: mti ulikuwa umeharibika, na fanksheni ya ukaguzi haikuwa na uwezo wa kuuona uharibifu ule. Mwongozo huu unahusu hasa kosa la pili, kwa sababu ndilo linaloandikwa na watu wengi, na ndilo linalobaki limejificha kwa muda mrefu.

Nitaupunguza mti ule hadi nodi 7, ili kila hatua iweze kufuatwa kwa macho.

```
          50
        /    \
      30      70
     /  \    /  \
   20   35  40   80
```

Mti wa binari ni mti ambao kila nodi yake ina watoto wasiozidi wawili, mmoja wa kushoto na mwingine wa kulia. Mti huo huwa mti wa kutafutia pale tu unapotimiza sharti hili: kwa kila nodi, namba zote zilizomo katika tawi lake la kushoto ni ndogo kuliko namba yake, na namba zote zilizomo katika tawi lake la kulia ni kubwa kuliko namba yake. Neno la kuzingatia hapo ni "zote". Ninaposema tawi la kulia la 50 ninamaanisha 70, na vilevile 40 na 80, yaani kila nodi inayoweza kufikiwa kwa kuanza na mtoto wa kulia na kuteremka. Sharti halizungumzii mtoto peke yake. Linazungumzia ukoo wote ulio chini yake.

Sasa tazama kinachotokea tunapoitafuta 40. Tunaanza kwenye mzizi, 50. Kwa kuwa 40 ni ndogo kuliko 50, tunaelekea kushoto, tunafika 30. Kwa kuwa 40 ni kubwa kuliko 30, tunaelekea kulia, tunafika 35. Kwa kuwa 40 ni kubwa kuliko 35, tunataka kwenda kulia tena, lakini 35 haina mtoto wa kulia, na utafutaji unaishia hapo. Upande wa 70 haukukanyagwa kabisa, wala haukupaswa kukanyagwa, kwa sababu faida nzima ya mti wa kutafutia ni kuliacha tawi zima kwa ulinganisho mmoja. Nodi iliyokaa upande usiokuwa wake haionekani, hata kama imo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta.

Fanksheni yangu ya ukaguzi ilikuwa hivi:

```python
def kagua_vibaya(n):
    if n is None:
        return True
    if n.kushoto is not None and n.kushoto.namba >= n.namba:
        return False
    if n.kulia is not None and n.kulia.namba <= n.namba:
        return False
    return kagua_vibaya(n.kushoto) and kagua_vibaya(n.kulia)
```

Ukiisoma kwa haraka inaonekana kuwa tafsiri kamili ya sharti: mtoto wa kushoto awe mdogo, mtoto wa kulia awe mkubwa, na jambo hilo likaguliwe katika kila nodi hadi chini. Ipitishe kwenye mti wetu. Kwenye 50, watoto ni 30 na 70, na wote wako sawa. Kwenye 30, watoto ni 20 na 35, nao wako sawa. Kwenye 70, watoto ni 40 na 80. 40 ni ndogo kuliko 70, na 80 ni kubwa kuliko 70. Majani hayana watoto. Jibu ni `True`, ilhali 40 imo katika tawi la kulia la 50.

Kinachodanganya hapa ni dhana kwamba ikiwa kila mzazi amekubaliana na mtoto wake, basi babu naye atakuwa amekubaliana na mjukuu. Dhana hiyo ni ya kweli mahali pamoja tu, nayo ni pale njia ya kuteremka isipobadilisha upande. Tukiteremka kushoto kisha kushoto tena, kutoka 50 hadi 30 hadi 20, basi 20 ni ndogo kuliko 30, na 30 ni ndogo kuliko 50, kwa hiyo 20 ni ndogo kuliko 50 bila kuulizwa. Lakini tukiteremka kulia kisha kushoto, tunajua kwamba 70 ni kubwa kuliko 50, na kwamba 40 ni ndogo kuliko 70. Taarifa hizo mbili hazisemi lolote kuhusu 40 na 50. Mjukuu amemtii mzazi wake, akavunja sharti la babu yake, na hakuna aliyemuuliza babu. Kosa hili basi huwa kwenye kona, mahali ambapo njia inageuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kwa sababu hiyo, mti mdogo kabisa unaoweza kuidanganya fanksheni ile ni wa nodi 3 zilizojipinda. Mfano mmoja ni mzizi 2, mtoto wake wa kushoto 1, na mtoto wa kulia wa huyo 1 akiwa 3. Mfano wa pili ni kinyume chake: mzizi 2, mtoto wa kulia 3, na mtoto wa kushoto wa 3 akiwa 1. Miti hiyo miwili inafaa kuandikwa katika majaribio ya kila fanksheni ya aina hii, kabla ya mti mwingine wowote.

Njia ya kwanza ya kurekebisha, nami ndiyo ninayoipendelea, ni kuibebesha kila nodi vikomo viwili vinavyotoka kwa mababu zake. Kikomo cha chini ni namba ambayo nodi lazima iwe kubwa kuliko hiyo, na kikomo cha juu ni namba ambayo nodi lazima iwe ndogo kuliko hiyo. Mzizi hauna babu, kwa hiyo hauna kikomo chochote. Tunapoteremka kushoto kutoka kwenye nodi fulani, namba ya nodi hiyo inakuwa kikomo kipya cha juu, na kikomo cha chini kinarithiwa kama kilivyokuwa. Tunapoteremka kulia, namba ya nodi inakuwa kikomo kipya cha chini, na kikomo cha juu kinarithiwa.

```python
def kagua(n, chini=None, juu=None):
    if n is None:
        return True
    if chini is not None and n.namba <= chini:
        return False
    if juu is not None and n.namba >= juu:
        return False
    return (kagua(n.kushoto, chini, n.namba) and
            kagua(n.kulia, n.namba, juu))
```

Tuifuate kwenye mti uleule. Nodi 50 inaingia bila vikomo na inapita. Tunateremka kushoto: 30 inapaswa kuwa chini ya 50, na iko hivyo. Nodi 20 inapaswa kuwa chini ya 30, inapita. Nodi 35 imepinda kulia kutoka kwenye 30, kwa hiyo inapaswa kuwa kati ya 30 na 50, nayo imo. Hapo tayari unaiona tofauti, kwa kuwa 35 imeulizwa habari za babu yake 50, jambo ambalo fanksheni ya kwanza haikulifanya. Tunahamia upande wa kulia: 70 inapaswa kuwa juu ya 50, inapita. Kisha inafika 40, ambayo imerithi kikomo cha chini 50 kupitia kwa 70, na imepewa kikomo cha juu 70. Inapaswa kuwa kati ya 50 na 70. Kwa kuwa 40 haizidi 50, fanksheni inarudisha `False` papo hapo, na 80 haifikiwi kabisa.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini vikomo viwili vinatosha wakati nodi iliyo ndani sana ina mababu wengi. Sababu ni kwamba vikomo vinakaza tu, havilegei. Kila babu ambaye njia yetu ilimwacha kwa kwenda kulia anadai tuwe wakubwa kuliko yeye, lakini kati ya mababu hao wote, wa karibuni zaidi ndiye mkubwa kuliko wenzake, kwa kuwa yeye mwenyewe alishakaguliwa dhidi ya waliomtangulia. Ukimzidi huyo, umewazidi wote. Hali ni hiyohiyo kwa mababu walioachwa kwa kwenda kushoto: wa karibuni zaidi ndiye mdogo kuliko wenzake. Kwa hiyo kila nodi inahitaji kuulizwa maswali mawili tu, na kila nodi inatembelewa mara moja tu.

Wapo wanaorekebisha kosa hili kwa kwenda kwenye kila nodi, kutafuta namba kubwa kuliko zote katika tawi lake la kushoto na ndogo kuliko zote katika tawi lake la kulia, kisha kulinganisha. Jibu linakuwa sahihi, lakini matawi yaleyale yanapitiwa tena na tena. Katika mti ulionyooka kama mnyororo wenye nodi 10,000, upekuzi huo peke yake unafikia matembezi 49,995,000, wakati njia ya vikomo inafanya 10,000. Sioni sababu ya kuitumia.

Makosa mawili hujitokeza katika njia ya vikomo yenyewe, na yote mawili yanahusu namna ya kusema kwamba kikomo hakipo. La kwanza ni kuandika `if chini and n.namba <= chini` badala ya `if chini is not None`. Katika Python, namba 0 huchukuliwa kuwa si kweli, kwa hiyo kikomo cha 0 kinapuuzwa kana kwamba hakipo. Jaribu mzizi 0, mtoto wake wa kulia 5, na mtoto wa kushoto wa 5 akiwa -3. Nodi -3 imo katika tawi la kulia la 0, hivyo mti haufai. Lakini kwa sharti hilo lililofupishwa, ulinganisho na 0 unarukwa, ulinganisho na 5 unapita, na mti unakubaliwa. Kosa hili huweza kukaa miezi bila kuonekana ikiwa namba zako huwa zinaanzia 1.

La pili ni kuanza na namba ndogo kabisa na kubwa kabisa ambazo aina ya data inaweza kubeba, ziwe kama vikomo vya mzizi. Katika Java, aina ya `int` huanzia -2147483648 hadi 2147483647. Ukiupa mzizi vikomo hivyo viwili pamoja na ulinganisho mkali, yaani usiokubali namba zilizo sawa, mti halali wenye nodi moja tu, 2147483647, utakataliwa, kwa kuwa namba hiyo si ndogo kuliko yenyewe. Tumia vikomo vya aina ya `Integer` vinavyoweza kuwa `null`, au vikomo vya aina ya `long` vinavyozidi upeo wa `int`. Mimi nachagua `null`, kwa sababu inasema waziwazi kile tunachokimaanisha, yaani hakuna kikomo.

Njia ya pili inatokana na sifa moja ya mti wa kutafutia: ukiusoma kwa mpangilio wa tawi la kushoto kwanza, kisha nodi yenyewe, kisha tawi la kulia, namba hutoka zikipanda kuanzia ndogo hadi kubwa. Mti wetu ulioharibika unatoa 20, 30, 35, 50, 40, 70, 80. Mporomoko kutoka 50 hadi 40 unaonekana hata bila programu. Kwa hiyo inatosha kuikumbuka namba iliyopita na kuhakikisha kwamba kila inayofuata inaizidi. Tazama kwamba hapa hatulinganishi mzazi na mtoto hata kidogo. Katika mti wetu 50 na 40 ni babu na mjukuu, na ulinganisho umefanyika kati yao moja kwa moja.

```python
def kagua_kwa_mpangilio(mzizi):
    rundo, n, iliyopita = [], mzizi, None
    while rundo or n is not None:
        while n is not None:
            rundo.append(n)
            n = n.kushoto
        n = rundo.pop()
        if iliyopita is not None and n.namba <= iliyopita:
            return False
        iliyopita = n.namba
        n = n.kulia
    return True
```

Nimeiandika kwa rundo na mzunguko, badala ya fanksheni inayojiita yenyewe, kwa sababu mbili. Kwanza, Python kwa kawaida huruhusu miito 1,000 tu iliyopandana, na mti ulioingizwa namba 5,000 kwa mfuatano wa kupanda unakuwa mnyororo wenye kina cha 5,000; fanksheni ya vikomo niliyoionyesha itakatika hapo kwa `RecursionError`. Pili, wanaoiandika njia hii kwa kujiita hupenda kuiweka `iliyopita` nje ya fanksheni. Ukaguzi wa mti wa kwanza unakwenda vizuri, kisha mti wa pili unaanza ukiwa na namba ya mwisho ya mti wa kwanza, na unakataliwa bila hatia. Ukiona fanksheni yako inatoa majibu tofauti kwa mti uleule kulingana na zamu ya kuitwa, anza kutafuta hapo.

Kuna jambo moja ambalo njia ya mpangilio haiwezi kuliamua, nalo ni namba zinazojirudia. Tuseme umekubali namba zinazolingana, kwa kanuni kwamba iliyo sawa na mzazi huenda kulia. Mzizi 5 mwenye mtoto wa kulia 5 ni halali; mzizi 5 mwenye mtoto wa kushoto 5 si halali. Miti yote miwili inasomeka 5, 5, na hakuna ulinganisho wa namba iliyopita na inayofuata unaoweza kuitenganisha. Njia ya vikomo inaitenganisha bila shida: badilisha `n.namba <= chini` iwe `n.namba < chini`, na uache sharti la juu kama lilivyo. Kabla ya kuandika mstari wowote, basi, amua kama mti wako unaruhusu marudio, na kama unaruhusu, yanakaa upande gani. Katika rejista ya wanachama, marudio hayaruhusiwi, na ndiyo maana mifano yangu yote inatumia ulinganisho mkali.

Baada ya kuandika fanksheni, ijaribu kwa kuipitisha kwenye miti midogo yote inayowezekana, si kwa michache uliyoichagua mwenyewe. Nodi 3 zina maumbo 5 ya mti, na kila umbo linaweza kujazwa namba 1, 2 na 3 kwa njia 6, hivyo kuna miti 30. Kwa kila umbo kuna njia moja tu ya kulijaza ipasavyo, kwa hiyo miti halali ni 5. Fanksheni ya kulinganisha watoto inakubali 7, na ile 2 ya ziada ndiyo miwili iliyojipinda niliyoitaja. Kwa nodi 4 kuna maumbo 14 na njia 24 za kujaza, yaani miti 336, ambayo 14 tu ni halali. Fanksheni ile inakubali 36. Hesabu hii ya pili ilinishtua nilipoifanya kwa mara ya kwanza: katika nodi 4 tu, miti isiyofaa inayokubaliwa ni 22, mingi kuliko ile inayofaa. Fanksheni yako ikikubali miti 1, 2, 5, 14 na 42 kwa nodi 1, 2, 3, 4 na 5, ina hesabu sahihi, nazo ni namba za Catalan zinazojulikana tangu zamani. Ongeza hapo mti mtupu, ambao ni halali, pamoja na mti wa 0, 5 na -3.

Turudi kwenye rejista. Nilipoifanya fanksheni ya vikomo ichapishe nodi iliyokosea pamoja na vikomo vyake, ilinieleza kwamba 40 imekaa mahali panapohitaji namba kati ya 50 na 70. Maelezo hayo yalitosha kunipeleka kwenye chanzo. Nodi ile hapo awali ilikuwa na namba 60. Mwanachama alibadilishiwa namba, na programu yangu iliandika 40 juu ya 60 palepale ndani ya nodi, bila kuiondoa na kuiingiza upya. Uingizaji haukuwa na kosa, na ufutaji haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kuigusa namba ya nodi ambayo tayari iko ndani ya mti.

Baada ya kuligundua, usijaribu kuifuta 40 kwa fanksheni ya kawaida ya kufuta, kwa sababu nayo huanza kwa kutafuta, na utafutaji hauifikii. Soma nodi zote kwa kuutembea mti mzima, zipange, kisha ujenge mti upya. Kabla ya kujenga, tazama kama kuna namba inayojirudia, kwani mara nyingi mtumiaji aliyeambiwa kwamba mwanachama hayupo huwa amekwisha kumsajili tena. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: mweka hazina alikuwa ameingiza 40 upya, nayo ikakaa kulia kwa 35, na mti ukasomeka 20, 30, 35, 40, 50, 40, 70, 80. Akiba ya miezi ya nyuma ilikuwa katika nodi moja, na michango miwili ya karibuni katika nyingine. Tuliijumlisha kwa kufuata kitabu cha mwanachama, mstari kwa mstari, ndipo tukaujenga mti upya.